Chipu tatu, soketi moja: kupima mipaka ya kweli ya opampu

Opampu ya kwenye daftari inakuza bila kikomo, inajibu papo hapo, na ukiipa sifuri inakupa sifuri. Ile ya mezani ina mipaka, na mitatu kati yake ndiyo inayoharibu ishara mara nyingi zaidi. Wa kwanza: volti ya tokeo haiwezi kupanda au kushuka haraka kupita kasi fulani. Wa pili: geini, yaani idadi ya mara ambazo ishara inakuzwa, hupungua kadiri frikwensi inavyopanda. Wa tatu: sifuri ya chipu si sifuri kamili. Kwenye datashiti utaikuta kama SR, GBW na Vos (watengenezaji wengine huandika VIO).

Usumbufu ni kwamba miwili ya kwanza hujitokeza mahali pamoja, kwenye sauti nyembamba za juu, na ule wa tatu hujificha kabisa mpaka upime DC. Fundi akisikia sauti imekufa au inakwaruza hubadilisha chipu kwa kubahatisha, na mara nyingine anatoa chipu yenye tatizo la kwanza na kuweka yenye tatizo la pili. Hapa tunajenga saketi moja ndogo, tunachomeka chipu tatu zamu kwa zamu kwenye soketi ileile, na kupima kila mpaka peke yake bila mwingine kuingilia.

## Vifaa

Chipu ni LM741, TL071CP na OP07C. Zimechaguliwa kwa sababu miguu yao mikuu inalingana: mguu wa 2 ni ingizo linalogeuza, wa 3 ni ingizo lisilogeuza, wa 4 ni umeme hasi, wa 6 ni tokeo, wa 7 ni umeme chanya. Kwa hiyo unang'oa moja na kuchomeka nyingine bila kugusa waya wowote.

Utahitaji pia:

- bredibodi na soketi ya miguu 8
- betri mbili za 9 V
- rezista: 100 Ω moja, 1 kΩ moja, 10 kΩ mbili, 100 kΩ mbili
- kapasita mbili za 100 nF na moja ya 22 µF
- osiloskopu, jenereta ya mawimbi, na multimita yenye kipimo cha 200 mV DC

Osiloskopu ndogo ya kujiungia kama DSO138 inaona mpaka takribani 200 kHz. Hiyo inatosha kwa 741 na OP07, ila kwa TL071 itakudanganya, maana chipu hiyo ina haraka kuliko kioo chenyewe. Kama huna jenereta, programu ya simu inayotoa wimbi la saini kupitia tundu la hedifoni inafaa kwa majaribio ya chini ya 20 kHz.

## Kujenga

Unganisha betri mbili mfululizo. Pale zinapokutana ndipo graundi, ncha moja ni +9 V, ya pili ni −9 V. Peleka +9 V mguu wa 7 na −9 V mguu wa 4. Kutoka kila mmoja wa miguu hiyo weka kapasita ya 100 nF hadi graundi, karibu kabisa na soketi. Ukiziacha, TL071 inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa frikwensi ya juu, nawe utadhani unapima mpaka wa chipu kumbe unapima uzembe wa waya.

Weka R1 ya 1 kΩ kutoka mguu wa 2 hadi graundi, na R2 kutoka mguu wa 6 hadi mguu wa 2. Ishara inaingia mguu wa 3. Geini ni:

```
G = 1 + R2/R1
R2 = 10k   ->  G = 11
R2 = 100k  ->  G = 101
```

Miguu ya 1, 5 na 8 iache wazi. Hasa usiweke potenshiometa ya kurekebisha sifuri kwa sasa, kwa sababu hapo ndipo chipu hizi zinapoachana: 741 na TL071 hurekebishwa kwenye miguu ya 1 na 5 na kiteleza kikienda upande hasi, ilhali OP07 hutumia miguu ya 1 na 8 na kiteleza kikienda upande chanya.

Hizi ndizo namba za kawaida za datashiti tutakazolinganisha nazo:

| Chipu | SR | GBW | Vos ya kawaida | Vos ya juu kabisa |
|---|---|---|---|---|
| LM741C | 0.5 V/µs | 1 MHz | 2 mV | 6 mV |
| TL071C | 13 V/µs | 3 MHz | 3 mV | 10 mV |
| OP07C | 0.3 V/µs | 0.6 MHz | 0.06 mV | 0.15 mV |

Angalia herufi ya mwisho ya chipu yako. TL071H, kwa mfano, ni toleo jipya lenye 20 V/µs na 5.25 MHz.

Kabla ya kuendelea, peleka ishara ndogo ya 1 kHz kwa geini ya 11 na uone kama tokeo ni safi. Kisha ongeza ukubwa mpaka vilele vikatike vikawa bapa. Huko ni kugonga dari la betri, na hutokea kwa frikwensi yoyote ile. Kwa 741 kwenye ±9 V dari liko karibu na 7.5 V. Majaribio yote yanayofuata yanabaki chini ya hapo.

## Jaribio la kwanza: kasi ya volti

Weka R2 ya 10 kΩ na uchomeke 741. Ingiza wimbi la saini la 1 kHz lenye kilele cha 0.55 V, upate tokeo lenye kilele cha karibu 6 V. Sasa pandisha frikwensi polepole bila kubadilisha ukubwa wa ingizo.

Mpaka 10 kHz hakuna cha kuona. Ukipita 13 kHz, mabega ya wimbi yanaanza kunyooka: pale linapovuka sifuri, ambapo saini huwa na mwinuko mkali kuliko popote, linakuwa kama limechorwa kwa rula. Fika 50 kHz, na saini imegeuka pembetatu kamili, tena imepungua kimo. Ingizo bado ni saini safi, ila kinachotoka ni mistari miwili, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka.

Hesabu yake ni fupi. Saini yenye kilele Vp na frikwensi f ina mwinuko mkali kabisa wa 2π × f × Vp, na chipu inaufuata mpaka mwinuko huo ufikie SR:

```
f_max = SR / (2 * pi * Vp)
      = 500000 / (6.28 * 6)
      = 13.3 kHz
```

Kwa 50 kHz, nusu ya mzunguko ni mikrosekunde 10. Kwa 0.5 V kila mikrosekunde, chipu inaweza kusafiri 5 V tu kabla haijaamriwa kugeuka. Ndiyo maana pembetatu ina kimo cha 5 V kutoka bonde hadi kilele, badala ya 12 V ulizotarajia. Pima kwenye kioo, gawa kimo kwa muda wa kupanda, na SR halisi ya chipu yako unayo mkononi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Ndani ya 741 kuna kapasita ya takribani 30 pF iliyowekwa makusudi ili chipu isitetemeke, na hatua ya kwanza ya chipu ndiyo inayoijaza. Hatua hiyo ni kama bomba la maji lenye mkondo usiozidi kiwango fulani, takribani mikroampea 15, na kapasita ni tanki. Ukifungua bomba mpaka mwisho, kupiga kelele hakutaongeza maji: 15 µA ukigawa kwa 30 pF unapata 0.5 V/µs, namba ileile ya datashiti. Tofauti kati ya mguu wa 2 na wa 3 ikiwa ndogo, bomba limefunguka nusu na chipu inaweza kujirekebisha. Tofauti ikivuka makumi kadhaa ya milivolti, bomba limefunguka lote na chipu haisikii tena mrejesho.

Hilo unaweza kuliona kwa macho. Weka ncha ya osiloskopu, ikiwa kwenye ×10, mguu wa 3, halafu mguu wa 2. Kwa 1 kHz utaona kitu kilekile kwenye miguu yote miwili; ndiyo ile kanuni ya daftarini kwamba maingizo mawili yana volti sawa. Kwa 50 kHz, mguu wa 3 una saini ya 0.55 V na mguu wa 2 una pembetatu ya karibu 0.23 V. Kanuni imevunjika, na hesabu zote ulizozijenga juu yake zimevunjika nayo.

Ukitumia simu isiyopita 20 kHz pembetatu kamili hutaiona, lakini kwa kilele cha 6 V mabega yaliyonyooka yataonekana vizuri, kwa sababu kwa 20 kHz 741 inastahimili kilele cha karibu 4 V tu.

Sasa chomeka OP07. Kila kitu kinatokea mapema zaidi: kunyooka kunaanzia karibu 8 kHz. Kisha chomeka TL071. Kwa kilele cha 6 V hesabu inatoa zaidi ya 340 kHz, hivyo hutaona pembetatu kabla geini yenyewe haijaanza kushuka. Ukitaka kupima SR ya TL071 lazima uondoe R1 na kuunganisha mguu wa 6 moja kwa moja na wa 2, geini iwe 1, kisha uingize wimbi mraba la 10 V kutoka bonde hadi kilele.

Wimbi mraba lina faida nyingine. Tazama umbo la ukingo wake. Ukingo uliolala kama mstari mnyoofu ni kasi ya volti. Ukingo unaoanza kwa kasi kisha unapinda taratibu kuelekea juu, kama pezi la papa, ni upana wa masafa, yaani GBW. Kwa TL071 kwenye geini ya 11 utaona vyote viwili kwenye ukingo mmoja: unaanza mnyoofu, unamalizia kwa kupinda.

Kwa sikio madhara yake ni haya. Pembetatu ina sauti ya tatu yenye ukubwa wa sehemu moja ya tisa ya sauti ya msingi, yaani 11%. Kwa toni moja ya 15 kHz, sauti hiyo ya tatu iko 45 kHz na hakuna anayeisikia. Lakini muziki si toni moja. Wakati upatu mkubwa umeibana chipu kwenye kasi yake ya mwisho, sauti ya mwimbaji iliyo juu ya wimbi hilohilo haipiti, kwa sababu chipu inapanda kwa mstari bila kujali kitu kingine kinachoingia. Mwimbaji anakatwakatwa kwa mdundo wa upatu, na mchanganyiko huo unaangukia katikati ya masafa tunayosikia vizuri.

## Jaribio la pili: geini inayoyeyuka

Rudisha R1, weka R2 ya 100 kΩ, geini iwe 101. Sasa tunataka ishara ndogo sana ili kasi ya volti isiingilie. Tengeneza kigawanyo: kutoka jenereta pitisha rezista ya 10 kΩ hadi mguu wa 3, na kutoka mguu wa 3 hadi graundi weka 100 Ω. Jenereta ikitoa kilele cha 1 V, mguu wa 3 unapata karibu 10 mV, na tokeo ni karibu 1 V kwa 1 kHz.

Andika kimo cha tokeo kwa 500 Hz. Pandisha frikwensi mpaka kimo kishuke hadi 0.71 ya pale kilipoanzia, na uandike frikwensi hiyo. Izidishe kwa 101, na hiyo ndiyo GBW ya chipu yako. Kwa namba za datashiti utapata takribani 5.9 kHz kwa OP07, 9.9 kHz kwa 741 na 29.7 kHz kwa TL071.

```
f_3dB = GBW / G
741:    1000000 / 101 = 9.9 kHz
```

Tofauti na jaribio la kwanza iko mbele ya macho: wimbi linazidi kuwa fupi lakini linabaki saini safi, likiwa limechelewa kidogo nyuma ya ingizo. Kwa 9.9 kHz na kilele cha 1 V, mwinuko unaohitajika ni 0.06 V/µs tu, kwa hiyo kasi ya 741 haijaguswa hata robo.

Hapo ndipo penye njia ya kutenganisha matatizo haya mawili kwenye saketi yoyote, hata isiyo ya majaribio. Punguza ishara ya ingizo kwa nusu na usiguse frikwensi. Kama tokeo nalo limepungua kwa nusu barabara na umbo ni lilelile, tatizo ni GBW, kwa sababu kupungua kwa geini hakujali ukubwa wa ishara. Kama umbo limerudi kuwa zuri, au kimo hakikupungua kwa nusu, tatizo ni kasi ya volti. Jaribu kwa 741 kwenye geini ya 11, 50 kHz: ukishusha ingizo kutoka 0.55 V hadi 0.28 V, pembetatu inabaki na kimo cha karibu 5 V kana kwamba hujagusa kitu.

Kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Wengi husoma 9.9 kHz wakasema, "Basi mpaka hapo saketi ni nzuri." Si hivyo. Opampu husafisha makosa yake kwa kutumia geini inayobaki baada ya kutoa ile uliyoiomba. Ukiomba 101 kwa 1 kHz, 741 ina geini ya ndani ya karibu 1000, hivyo imebaki na mara 10 za kurekebisha. Kwa 5 kHz imebaki na mara 2. Kwa 9.9 kHz haina kitu cha ziada: kosa lolote la hatua yake ya mwisho linatoka nje karibu kama lilivyo. Kwa hiyo ubora unashuka muda mrefu kabla kimo hakijashuka. Kwa sauti, acha akiba ya angalau mara 10 kwenye frikwensi ya juu unayoijali. Chini ya hapo unasikiliza hatua ya mwisho ya chipu ikiwa uchi.

Dawa ya GBW ni kugawa kazi. Hatua moja ya 741 yenye geini ya 100 inafika 10 kHz. Hatua mbili zenye geini ya 10 kila moja zinafika 100 kHz kila moja, na zikiunganishwa zinafika kama 64 kHz. Geini ni ileile na chipu ni ya aina ileile, ila masafa ni mara sita. Kwa kasi ya volti ujanja huu hausaidii kitu, kwa sababu hatua ya mwisho bado inatoa volti zilezile.

Kama unatumia saketi ya kugeuza, usigawe GBW kwa geini ya ishara. Gawa kwa 1 + R2/R1. Saketi ya kugeuza yenye geini ya −1 inakula GBW kama saketi ya geini 2.

## Kovu la LM358

Kabla ya sifuri, neno moja kuhusu chipu ambayo pengine iko kwenye kisanduku chako tayari. LM358 ikiendesha mzigo wenye mkondo wa pande zote mbili huacha kovu kila wimbi linapovuka kati ya kusukuma na kuvuta: kijingazi kifupi cha bapa. Watu huliita tatizo la kasi, na wana haki nusu. Transista za mwisho hupokezana, na kati ya moja kuzima na nyingine kuwaka kuna pengo la zaidi ya volti moja ambalo sehemu ya ndani lazima ilivuke kwa mwendo wake wa 0.3 V/µs. Hizo ni mikrosekunde kadhaa za ukimya. Kwa 100 Hz hazionekani. Kwa 10 kHz, ambapo mzunguko mzima ni mikrosekunde 100, zinaonekana waziwazi.

Tofauti na pembetatu, kovu halipotei ukipunguza ishara, bali linazidi kuonekana. Dawa ni rezista kutoka tokeo hadi umeme hasi, 4.7 kΩ kwa kuanzia, ili transista moja isizime kabisa. Isipotosha shusha hadi 2.2 kΩ na uangalie joto la chipu.

## Jaribio la tatu: sifuri isiyo sifuri

Acha geini ya 101. Toa jenereta, na uunganishe mguu wa 3 moja kwa moja na graundi. Subiri dakika tano chipu ipate joto lake la kawaida. Pima DC kati ya mguu wa 6 na graundi, kisha gawa kwa 101.

741 ya kawaida inaweza kuonyesha 200 mV, yaani 2 mV kwenye ingizo. Ukiona mpaka 600 mV bado iko ndani ya datashiti. TL071 inaruhusiwa kufika 1 V nzima. OP07C haitakiwi kuzidi 15 mV. Jaribio hili, kwa njia, ndilo kipimo kizuri cha chipu bandia: OP07 inayotoa 250 mV kwenye saketi hii si OP07, hata kama maandishi yake yanang'aa.

Sasa toa waya wa mguu wa 3 na weka mahali pake rezista ya 100 kΩ hadi graundi, kana kwamba chanzo cha ishara kina ukinzani mkubwa. Pima tena. 741 huvuta mkondo mdogo kwenye maingizo yake, kwa kawaida nanoampea 80. Mkondo huo ukipita kwenye 100 kΩ unazaa 8 mV, na kwenye tokeo unakuwa 0.8 V. Kosa limekua mara nne ya lile la Vos, na wala si Vos. Kwa TL071, ambayo mkondo wake ni pikoampea makumi tu, hutaona tofauti yoyote. Kwa hiyo TL071, ambayo Vos yake ni mbaya kuliko zote tatu, inaweza kuwa bora kuliko 741 pale chanzo kinapokuwa na ukinzani mkubwa.

Kwa sauti, DC hiyo inakula nafasi. Tokeo likikaa kwenye 0.8 V badala ya sifuri, kilele cha juu kinagonga dari 0.8 V mapema kuliko cha chini, na ishara inakatika upande mmoja. Volyumu iliyounganishwa hapo bila kapasita itakwaruza kila ukiizungusha.

Kwa vipimo, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kosa linaingia kwenye jibu kimyakimya. Thamokapo ya aina ya K hutoa takribani mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Vos ya 2 mV ni kosa la karibu nyuzi 49. Tanuri lina 200, kioo kinakuambia 249. Kwa OP07 yenye 0.06 mV, kosa ni nyuzi moja na nusu. Hapa ndipo OP07 inapolipa, na ule upole wake haumuumizi mtu, maana tanuri halipandi nyuzi mia kwa milisekunde.

Unaweza kuiondoa Vos ya 741 kwa potenshiometa ya 10 kΩ kati ya miguu ya 1 na 5, kiteleza kwenye −9 V. Rekebisha mpaka mguu wa 6 usome sifuri, kisha shikilia mgongo wa chipu kwa kidole kwa dakika moja. Namba itaanza kutembea. Potenshiometa inafuta kosa la joto la sasa tu. Kwa TL071, ambayo sifuri yake huhama takribani mikrovolti 18 kwa kila nyuzi, badiliko la nyuzi 20 kati ya asubuhi na mchana linasogeza tokeo 36 mV kwa geini ya 101. Kwa kazi ya DC nunua chipu yenye Vos ndogo, kuliko kukimbizana na bisibisi.

Kwa sauti dawa ni rahisi zaidi: weka kapasita ya 22 µF kati ya R1 na graundi. Kwa DC kapasita ni waya uliokatika, geini inakuwa 1, na Vos ya 10 mV inabaki 10 mV. Kwa R1 ya 1 kΩ, sauti za juu ya 7 Hz zinakuzwa kama kawaida.

## Kuunganisha hesabu: geini ya 100 kwa maikrofoni

Tuseme unataka geini ya 100, masafa mpaka 20 kHz, na kilele cha 3 V kwenye tokeo.

Kasi kwanza: 6.28 × 20 000 × 3 ni 0.38 V/µs. Usikimbize chipu kwenye ukingo wake; zidisha kwa 3, upate karibu 1.1 V/µs. 741 na OP07 zimeanguka hapo. TL071 yenye 13 inapita bila jasho.

GBW: hatua moja ya TL071 ingefika 30 kHz, na kwenye 20 kHz kimo kingekuwa kimeshuka hadi 0.83. Akiba ya geini hapo ni mara 1.5 tu, wakati tulitaka 10. Gawa iwe hatua mbili, kila moja ikiwa na R2 ya 9.1 kΩ na R1 ya 1 kΩ. Kila hatua sasa inafika karibu 300 kHz na ina akiba ya mara 15 kwenye 20 kHz. TL072 ina opampu mbili za namna hiyo kwenye ganda moja, ila mpangilio wa miguu yake ni mwingine: umeme uko mguu wa 8 na wa 4, matokeo yako wa 1 na wa 7.

Sifuri: bila kapasita, hatua ya kwanza ingeweza kuleta 10 mV × 102, zaidi ya 1 V. Weka 22 µF chini ya kila R1, na kati ya hatua mbili weka kapasita ya 1 µF ikifuatiwa na 100 kΩ hadi graundi. Usiisahau rezista hiyo ya 100 kΩ, wala nyingine kama hiyo kwenye ingizo la kwanza. Mkondo wa ingizo, hata wa pikoampea, lazima uwe na njia. Ukikosa, unajaza kapasita taratibu, na baada ya muda tokeo linapanda mpaka kwenye dari na kuganda huko. Saketi inafanya kazi vizuri dakika za mwanzo kisha inakufa, ukiizima na kuiwasha inafufuka. Ukiona dalili hiyo, tafuta ingizo lisilo na rezista kabla ya kulaumu chipu.

Ikishajengwa, rudia vipimo. Ingiza 10 mV kwa 1 kHz, kisha kwa 20 kHz: kimo kisitofautiane kwa jicho. Ongeza mpaka kilele cha 3 V kwa 20 kHz na uangalie mabega ya wimbi. Mwisho unganisha ingizo na graundi na upime DC kwenye mguu wa 7: ukisoma zaidi ya 10 mV, kapasita ya 22 µF ya hatua ya pili inavuja au imewekwa kinyume.